Dawa haifiki sikioni: maelezo ya kutetea bango la utafiti wa wingi wa kupe kwa ng'ombe wa kijijini, Mvomero

(Nasimama upande wa kushoto wa bango, fimbo ya kuonyeshea mkononi. Chupa mbili za sampuli ziko mezani. Nina dakika 8, kisha maswali.)

Shikamooni walimu. Mwenyekiti wa jopo, watahini wetu, asanteni kwa kunipa nafasi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya afya ya mifugo. Namba yangu ya mtihani iko juu kulia. Jina la kijiji sikuliandika, kwa sababu ndivyo nilivyowaahidi wafugaji. Kiko wilaya ya Mvomero, mkoa wa Morogoro, na ng'ombe niliowapima ni zebu, ng'ombe wetu wa asili.

Swali langu lilitokana na maneno ya wafugaji wenyewe. Nilipokuwa mafunzoni kwa vitendo pale kijijini, kila zizi nililoingia niliambiwa, "Dawa za siku hizi zimechuja, kupe hawafi." Mzee mmoja alinishika mkono akanipeleka kwa mtamba wake, akalifunua sikio. Ndani, kuanzia pale manyoya yanapoishia hadi kwenye tundu, kupe walikuwa wamebanana kama punje za mtama, ngozi chini yao imevimba na kutoa usaha. Mtamba alikuwa amepuliziwa dawa siku mbili kabla. Kisha mzee akapitisha kiganja mgongoni mwa mnyama yuleyule, na hakukuwa na kupe hata mmoja. Nilirudi chuoni nikiwaza habari ya mgongo ule. Dawa iliyochuja ingechuja mwili mzima.

(Naonyesha kisanduku cha pili: ramani ya mwili wa ng'ombe.)

Nilikusanya takwimu Aprili 2024, katikati ya masika, wakati kupe wazima wa masikio wanapokuwa wengi. Nilichukua kaya 14 kwa kura kutoka orodha ya ofisi ya kijiji, na ng'ombe 6 kila kaya: ndama 2, mitamba 2, na ng'ombe wakubwa 2. Jumla ni ng'ombe 84. Kila mwenye mifugo aliridhia kwa mdomo mbele ya afisa mifugo wa kata. Kila mnyama nilimhesabu upande mmoja, alfajiri kabla hawajaenda malishoni, nikigawa mwili sehemu tano: sikio, kidari na ngozi inayoning'inia shingoni, chini ya mkia, kiwele au korodani pamoja na mapaja, na sehemu iliyobaki. Nilihesabu kupe wazima tu. Lava na tunutu, yaani kupe wa hatua mbili za mwanzo kabla ya kukomaa, ni wadogo mno, sikuyaamini macho yangu kuwahesabu.

Hapa nieleze kosa langu kabla sijaulizwa. Siku ya kwanza nilihesabu katika kaya mbili ng'ombe wakiwa wamefungwa kamba mtini. Walirusha vichwa, nikapoteza hesabu ya masikio mara kadhaa, na nikajikuta nikikisia. Takwimu zile nilizifuta zote. Tukajenga kibanio cha miti kwa msaada wa vijana wa kijiji, nikarudi kwenye kaya zilezile baada ya siku nne na kuanza upya. Takwimu mnazoziona hapa zote zimetoka kwenye kibanio.

(Naonyesha jedwali la kwanza.)

Nilihesabu kupe 1,932 kwa upande mmoja wa ng'ombe 84. Wastani ni 23 kwa mnyama, lakini naomba msiutegemee huo, kwa sababu wanyama wachache wenye kupe wengi mno wameuvuta juu. Namba ya katikati ni 17. Aliyekuwa na wachache hakuwa na kupe hata mmoja, na aliyekuwa na wengi alikuwa nao 96. Kati ya kupe wote, asilimia 41 walikuwa sikioni, 22 chini ya mkia, 19 kwenye kiwele na mapaja, 11 kidarini, na 7 tu sehemu nyingine zote, mgongo na mbavu zikiwemo.

Kupe 310 niliwatoa kwa kibano na kuwatia kwenye spiriti ya asilimia 70 ili niwatambue kwa hadubini. (Nanyanyua chupa ya kwanza.) Hawa 148 ni kupe wa kahawia wa masikio. Kupe wa bluu ni 81, kupe wa miguu myekundu 46, na kupe wa rangi, huyu mkubwa mwenye mgongo wa madoa, 35.

Wingi wa kupe wa masikio ndio ulionikosesha usingizi. Huyu ndiye anayebeba vimelea vya ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe. Vimelea hivyo havipiti kwenye mayai yake. Kupe huvinyonya akiwa lava au tunutu kutoka kwa ng'ombe mwenye vimelea, anaanguka, anajivua gamba nyasini, kisha anavipeleka kwa ng'ombe mwingine katika hatua inayofuata. Na akishang'ata, vimelea huhitaji siku kadhaa kukomaa ndani ya tezi zake za mate kabla ya kuingia kwa ng'ombe. Kwa hiyo kupe anayeachwa akae sikioni wiki nzima amepewa muda wa kutosha kumaliza kazi yake.

(Naonyesha jedwali la pili. Hapa nisiharakishe.)

Kaya 5 hupeleka ng'ombe kwenye josho. Kaya 9 hupulizia kwa bomba la mgongoni. Namba ya katikati kwa ng'ombe wa josho ni kupe 9, na kwa wa bomba ni 22. Kwa sababu ng'ombe wa zizi moja hufanana, sikulinganisha ng'ombe 30 na ng'ombe 54. Nilichukua namba ya katikati ya kila kaya, nikalinganisha kaya 5 na kaya 9 kwa jaribio la Mann-Whitney. Thamani ya p ni 0.02, yaani si rahisi tofauti hii iwe ya bahati tu.

Sasa tazameni wale wa bomba peke yao. Kaya 5 hupulizia kila wiki, kaya 4 kila baada ya wiki mbili au zaidi. Nilitarajia tofauti kubwa. Sikioni, wanaopulizia kila wiki wana kupe 9 na wanaochelewa wana 10. Mgongoni, kote ni karibu sifuri.

Basi nikaenda kuangalia wanavyopulizia, kaya zote 9, asubuhi ya siku yao ya kuogesha. Katika kaya moja bomba la lita 16 lilimaliza ng'ombe 18. Kwa ng'ombe mkubwa mmoja inatakiwa kuanzia lita 5 hadi 10, mpaka manyoya yalowe na maji yachuruzike. Kijana anatembea kando ya mnyama, anapuliza mgongo, mbavu, basi. Katika kaya zote 9, ni mbili tu nilizoona mtu akiinua mkia, na hakuna hata moja ambako bomba lilielekezwa ndani ya sikio. Dawa inapimwa kwa kifuniko cha chupa.

Nilipomuuliza mama mmoja kwa nini maji ni machache hivyo, alinijibu vizuri kuliko nilivyouliza. Maji ya mtoni masika yana tope, yanaziba nozeli ya bomba. Kwa hiyo hutumia maji ya kioski, shilingi 50 dumu, na mwenye kuyabeba ni yeye na binti yake. "Ng'ombe 18 kwa lita 5, mwanangu, hesabu madumu mwenyewe." Nilihesabu: ni lita 90, madumu manne na nusu ya lita 20, kila wiki, kichwani.

(Naonyesha kisanduku cha mwisho.)

Ninachotetea mbele yenu ni hiki. Katika kijiji hiki, kabla ya kuilaumu dawa, tuangalie ilikofika. Napendekeza mambo mawili ambayo mfugaji anaweza kuyaanza kesho. La kwanza, apake dawa masikioni na chini ya mkia kwa kitambaa au brashi, ikiwa imechanganywa kwa kipimo cha kwenye lebo na mkono umevaa glavu. Kazi hiyo inahitaji maji kidogo sana. La pili, apime dawa kwa bomba la sindano lenye alama za mililita, aache kifuniko. Josho ni bora zaidi, lakini kaya 9 ziko mbali nalo, na sitamwambia mtu apeleke ndama mwendo wa saa mbili kwenye matope.

Asanteni. Nakaribisha maswali.

(Majibu niliyojiandalia, niyaseme kwa maneno yangu bila kusoma.)

Wakiuliza, unajuaje kwamba kupe si sugu?
Mwalimu, sijui, na bango halisemi hivyo. Ili kupima usugu ningehitaji kupe majike walioshiba, watage, lava waanguliwe, kisha niwaweke kwenye karatasi zenye viwango tofauti vya dawa. Sikuwa na vifaa hivyo. Ninachosema ni kwamba kupe ambaye hajaguswa na dawa hawezi kuwa ushahidi wa usugu. Ila kuna hatari hapa: dawa iliyozimuliwa kupita kiasi, mwaka baada ya mwaka, inaweza kuuzalisha usugu tunaouogopa.

Wakiuliza, josho na bomba vinatofautiana, au ni malisho?
Inawezekana ni malisho. Kaya za josho ziko upande mmoja wa kijiji na huchunga pamoja, na sikupima kupe walioko nyasini. Ndiyo maana hoja yangu kuu nimeiegemeza kwenye sikio na mgongo wa ng'ombe yuleyule, ambaye malisho yake ni yaleyale.

Wakiuliza, kwa nini upande mmoja tu?
Ni njia ya kawaida: unahesabu upande mmoja, unazidisha kwa mbili. Upande niliubadilisha, kushoto kwa mnyama mmoja, kulia kwa anayefuata. Kwenye bango nimeacha hesabu ya upande mmoja ili msomaji aone nilichokihesabu hasa.

Wakiuliza, kaya 5 na kaya 4 zinatosha kusema kupulizia kila wiki hakusaidii?
Hazitoshi. Tofauti ndogo ingeweza kunipita bila kuiona. Tofauti kubwa niliyoitarajia, hiyo haikuwepo.

Wakiuliza, ndama wana kupe wachache tu, kwa nini unawahofia?
Kwa sababu kwa ndigana kali idadi haimlindi ndama. Kupe mmoja mwenye vimelea anatosha. Kati ya ndama 28 niliowapima, 3 walikuwa na tezi za chini ya sikio zimevimba na joto la mwili zaidi ya nyuzi 40. Niliacha kuhesabu, nikampigia afisa mifugo, akaja siku hiyohiyo na dawa. Wawili walipona. Wa tatu alikuwa ameshaanza kuhema kwa shida na kutoa povu puani, tukampoteza usiku. Alikuwa na kupe 4 upande niliouhesabu, wote sikioni. (Nanyanyua chupa ya pili.) Ndio hawa.