YAH: HESABU YA AMANA YA NYUMBA YA TABATA

Tabata, Dar es Salaam
5 Novemba 2025

Ndugu Baraka,

Salaam. Mkataba wetu ulianza 1 Machi 2025 na ulikuwa uishe 28 Februari 2026. Wewe ulihama 11 Oktoba bila notisi ya mwezi mmoja tuliyokubaliana, na kodi uliyolipa iliishia Agosti. Ninashika amana yako ya sh 700,000, yaani kodi ya miezi 2. Hesabu yake ni hii:

Kodi ya Septemba: 350,000
Kodi ya Oktoba, ambayo nimeihesabu pia kuwa badala ya notisi: 350,000
Maji, Septemba na Oktoba: 36,000
Kioo cha dirisha la aluminiamu, sebuleni: 55,000
Kitasa cha mlango wa chumba cha kulala, kilichong'olewa: 40,000
Tangi la kufulashi choo, limepasuka: 45,000
Kuziba na kupaka rangi matundu ya kutundikia runinga: 30,000

Jumla sh 906,000. Nikitoa amana, unabaki unadaiwa sh 206,000.

Nyumba tuliikagua 14 Oktoba, mimi, mjumbe na mdogo wako aliyeleta funguo. Yote niliyoandika hapo juu aliyaona na karatasi ya ukaguzi aliisaini. Ulipoingia, tulisaini nyingine kama hiyo, na humo kioo, kitasa na choo viliandikwa vizima. Risiti za mafundi nimeziambatisha. Kuhusu kitasa uliniambia kwenye simu kwamba funguo ulizipoteza ukalazimika kuuvunja mlango. Sawa, lakini ungeniita, maana funguo za akiba ninazo mimi.

Sikukudai rangi ya sebule wala zulia la plastiki la jikoni. Hivyo vimechakaa kwa kukaliwa tu, na ni juu yangu. Umeme wa LUKU hauna deni. Novemba pia sikuihesabu, kwa sababu mpangaji mwingine ameingia tarehe 1, ingawa mkataba ulikuwa bado unakubana.

Kabati lako la vyombo liko stoo. Njoo ulichukue kabla ya 30 Novemba, silizuii kwa ajili ya deni.

Hiyo 206,000 naomba uimalize kufikia 30 Novemba. Ikikuwia vigumu kwa mkupuo, lete nusu tarehe 15 na nusu mwisho wa mwezi, ila niambie mapema. Ukiona kuna kiasi nilichokosea, niandikie kabla ya tarehe 15 ukieleza ni kipi, tukutane kwa mjumbe tukague karatasi zote mbili. Ukikaa kimya bila jibu wala malipo, nitaipeleka hesabu hii serikali ya mtaa, na isipomalizika huko, mahakama ya mwanzo. Sipendi tufike huko, miezi sita ya mwanzo ulikuwa mpangaji mzuri.

Wako,
Mama Salma
Mwenye nyumba

Nakala: Mjumbe wa shina
Viambatisho: risiti za mafundi, bili za maji, karatasi mbili za ukaguzi