Barua ya kudai faini ya ritani ya VAT iliyochelewa

Likoni, Mombasa
Jumanne, 8 Aprili 2025

Kwako Bwana Athmani, mhasibu wangu,

KUH: KUREJESHEWA SHILINGI 38,400, FAINI YA RITANI YA NOVEMBA 2024

Assalaamu alaykum, na natumai Idd mmeila salama wewe na wa nyumbani. Nilingoja mfungo uishe ndipo nikuandikie, kwa sababu sikutaka maneno ya pesa yatukute na saumu zetu. Kwa simu tumeshaliongea jambo hili mara tatu, na mara zote tatu umenijibu “tutaangalia, mama”. Leo naliweka kwenye karatasi ili tuliangalie kweli.

Naanza na yale tusiyobishania. Tangu 2019 wewe ndiye unayenifailia ritani za duka. Kazi yako ni kuchukua risiti za mauzo na za manunuzi, kufanya hesabu, kufaili kwenye iTax kabla ya tarehe 20, kisha kunitumia slipu ya malipo nikalipe. Kazi yangu ni kukuletea makaratasi mapema na kukulipa shilingi 8,000 kila mwezi. Hatukuandikiana mkataba, lakini miaka yote hii tumekwenda hivyo, na jumbe za WhatsApp za kila mwezi zinaonyesha nani alikuwa akifanya nini.

Makaratasi ya Novemba niliyaleta ofisini kwako Jumatatu tarehe 9 Desemba. Aliyapokea yule kijana wako wa mapokezi, akanitilia sahihi kwenye daftari langu la bluu. Tarehe 19 nilikuuliza slipu, ukasema jioni. Tarehe 20, siku ya mwisho, nikakuuliza tena saa kumi alasiri. Jibu lako ninalo hadi leo: “Mama ishaingia. Slipu yaja, mtandao wasumbua.” Nikashukuru, nikafunga duka.

Slipu haikuja. Kesho yake ofisi yako ilifungwa kwa sikukuu mpaka tarehe 6 Januari, na simu yako nayo ikafungwa pamoja na ofisi. Pesa zilikuwapo, Bwana Athmani. Shilingi 384,000 nilikuwa nimeziweka kando na nimemkataza hata mwanangu kuzigusa, ingawa lori la simenti lilikuwa likinisubiri nilipe. Nilichokosa ni slipu tu, na hiyo wewe ndiye unayenitolea kila mwezi.

Tarehe 8 Januari nilivuka feri nikaenda Huduma Centre pale Posta, Digo Road. Nilidhani naenda kuomba slipu. Msichana wa dirisha la KRA akaingiza PIN yangu, akatazama, akaniuliza, “Mama, hii ya Novemba mbona haijafailiwa?” Nikamwonyesha ujumbe wako. Akausoma, akanirudishia simu kwa upole kama anayemrudishia mtu cheti cha hospitali. Nilikupigia nikiwa pale pale nje kwenye ngazi, na siku ya pili, tarehe 9, ukafaili na kunipa slipu. Nililipa kodi yote saa hiyo hiyo. Kazi iliyokosekana kwa wiki tatu ilikuchukua asubuhi moja.

Hesabu ya KRA ilikuja hivi. Mauzo ya Novemba kabla ya VAT yalikuwa 6,500,000, kodi yake ya asilimia 16 ni 1,040,000. Manunuzi yalikuwa 4,100,000, kodi yake 656,000. Iliyobaki kulipwa ni 384,000. Faini ya kuchelewa kufaili ritani ya VAT ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi, wanachukua iliyo kubwa, kwa hiyo nikatozwa 19,200. Faini ya kuchelewa kulipa ni asilimia 5 nyingine, 19,200. Juu yake ikaja riba ya asilimia 1 kwa mwezi, na kipande cha mwezi huhesabiwa mwezi mzima, 3,840. Jumla 42,240. Nililipa zote tarehe 24 Januari, kwa sababu nilihitaji cheti cha KRA cha kuonyesha kwamba sidaiwi ili niombe kazi ya kupeleka mabati na rangi kwa shule moja ya Kwale. Cheti kilitoka, lakini shule ilikuwa imeshampa mwingine. Hilo sikudai. Huenda hata ningekuwa na cheti mapema nisingeipata kazi ile, na sipendi kumbebesha mtu mzigo nisioweza kuupima.

Riba pia sikudai. Kodi ile ilikaa mkononi mwangu siku ishirini zaidi ya ilivyotakiwa, na ingawa sikuizungusha, ilikuwa kwangu si kwako. 3,840 ni zangu. Ninazodai ni faini mbili, 19,200 na 19,200, jumla 38,400. Ya kwanza ni ya ritani, na ritani ni kazi yako. Ya pili ilizaliwa na ya kwanza: umeniambia imeshaingia, slipu haiji, na mwenye kuitoa amezima simu.

Sasa nijibu yale uliyoniambia kwenye simu, moja moja, ili usiseme sikukusikiliza.

Ulisema mtandao wa iTax ulikuwa chini siku ile. Yawezekana. Siku za mwisho kila mtu huingia pamoja na mtandao huzidiwa, hilo hata sisi wa duka tunalijua. Lakini jirani yangu wa spea, ambaye naye ni mteja wako, ritani yake ilifailiwa tarehe 19, na makaratasi yake aliyaleta baada ya yangu. Mimi nilikupa siku kumi na moja. Anayengoja feri ya mwisho hana wa kumlaumu ikiharibika. Na lau mtandao ndio uliokuzuia, ungeniandikia “haijaingia”. Hapo ningevuka usiku ule ule nikatafute msaada wa mtu mwingine, kwani saa kumi alasiri bado tulikuwa na saa nane kabla ya siku kuisha. Neno lililoniponza si mtandao. Ni “ishaingia”.

Ulisema vilevile kwamba mbele ya KRA mwenye PIN ndiye mwenye wajibu, si mhasibu. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana sikubishana nao hata siku moja, nililipa. Ila hayo ni baina yangu na KRA. Baina yangu na wewe kuna kazi niliyokulipa uifanye. Fundi akikuezekea nyumba vibaya, mvua huinyeshea nyumba yako, si yake. Lakini gharama ya bati utamwuliza yeye.

Kisha ukaniambia nisiwe na haraka, kuna msamaha wa faini mpaka tarehe 30 Juni. Hapa, niwie radhi, ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi na kazi yako yote. Niliuliza pale pale Huduma Centre. Msamaha huo ni wa faini na riba za kodi za hadi tarehe 31 Desemba 2023. Yangu ni ya Novemba 2024. Hauwezi kunifikia hata ukinyooshwa. Mimi ni muuza misumari na nimelijua hilo kwa kuuliza swali moja dirishani; sikutarajia kumfundisha mhasibu wangu.

Na mwisho ulinipa rai ya kunifanyia kazi ya miezi miwili bure, yaani 16,000, tuyamalize. Nimeifikiria kwa nia njema. Naikataa kwa sababu mbili: haifiki hata nusu ya deni, na inanifunga kwako kabla sijaamua kama nitabaki. Nataka pesa, na nitakazoridhika nazo ni hizo 38,400.

Najua msimu huu si mzuri kwa mtu yeyote, kwa hiyo sikulazimishi kuzitoa kwa mkupuo. Nitumie 20,000 kwa M-Pesa ifikapo tarehe 30 Aprili, na 18,400 zilizobaki ifikapo tarehe 31 Mei, kwa namba yangu ile ile unayoijua. Kama una bima ya makosa ya kazi na ungependa kuipitishia huko, ni juu yako, nami nitakupa karatasi zozote watakazotaka, ila tarehe zangu hazitangoja bima. Na ukiona hesabu yangu ina kosa, niandikie lilipo kosa. Kwa simu sitalijadili tena, kwa maana yanayosemwa kwa simu nimeona yanavyoishia.

Nikifika tarehe 30 Aprili bila pesa wala jibu la maandishi, nitafanya mambo mawili. Nitapeleka malalamiko ICPAK, kwa kuwa cheti chao umekitundika ukutani nyuma ya kiti chako na kila mteja hukiona. Na nitafungua dai katika Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mtu anaweza kwenda mwenyewe bila wakili. Sikuandiki hili kukutisha. Mwaka 2021 ulikesha na mimi siku tatu kupanga risiti zilizolowa maji ya mvua, na fadhila ile sijaisahau. Lakini fadhila haijalipa faini.

Pamoja na barua hii nimeambatanisha nakala ya ukurasa wa daftari wenye sahihi ya kijana wako ya tarehe 9 Desemba, picha za jumbe zetu za tarehe 19 na 20, taarifa ya KRA ya faini na riba, na risiti ya malipo ya tarehe 24 Januari. Nenosiri la iTax nimelibadilisha. Utalipata siku unapofaili, nami nitalibadilisha tena jioni yake. Naomba pia mafaili yangu yote ya tangu 2020 yarudi dukani wiki hii. Sheria inanitaka niyaweke miaka mitano, na nimeona heri yakae kwangu.

Risiti za Machi ziko kwenye bahasha hii ya kaki. Ritani hii ningependa uifanye wewe bado, halafu ya Aprili nitaamua kwa kutazama jibu la barua hii. Tafadhali zingatia kwamba tarehe 20 mwezi huu ni Jumapili ya Pasaka, Jumamosi ofisi zimefungwa, na Ijumaa Kuu ni sikukuu. Tarehe ya mwisho ikiangukia siku kama hizo hurudi nyuma mpaka siku ya kazi iliyotangulia, haiendi mbele. Kwa hiyo mwisho ni Alhamisi tarehe 17. Nitakuja mwenyewe ofisini Jumatatu tarehe 14 saa tatu asubuhi, na nitakaa hapo mpaka nione risiti ya iTax yenye jina la duka langu na mwezi wa Machi.

Wako,

Mama Mwanaidi
Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Likoni