Hitimisho jipya la makala yetu ya Kongwa

Dada Neema,

Shikamoo. Nimemaliza kuisoma makala yetu tangu ukurasa wa kwanza, na sehemu kubwa iko tayari kwenda kwa mhariri. Hitimisho ndilo nimelitoa lote. Lilianza hivi:

"Kwa kuhitimisha, makala hii imechunguza Mpango wa Karanga wa Tanganyika wa miaka ya 1947 hadi 1951 kwa kuangazia Kongwa. Imebainika kwamba mpango huo ulishindwa kutokana na mvua chache, udongo mgumu, mitambo mibovu na maandalizi duni. Hivyo basi, Mpango wa Karanga ni mfano wa mradi mkubwa ulioshindwa."

Liweke kando ya aya ya pili ya utangulizi wetu. Sababu ni zilezile nne, kwa mpangilio uleule. Msomaji aliyevumilia kurasa ishirini za ushahidi anarudishwa mlangoni alikoingilia. Na sehemu ya nne, ile ya kalenda ya kazi, ambayo kwangu ndiyo moyo wa makala, haikutajwa kabisa. Hiyo ndiyo iliyonifanya nisilirekebishe sentensi kwa sentensi bali niandike jingine. Hili hapa. Lisome kwa ukali wako wa kawaida.

Hitimisho

Mvua na udongo wa Kongwa vimebeba lawama kwa muda mrefu. Ushahidi wa makala hii hauvifutii lawama hiyo, ila unaisogeza. Udongo mwekundu wenye mfinyanzi ulikuwa mgumu wakati wa kiangazi kabla tume ya John Wakefield, iliyopendekeza mpango huu, haijafika mwaka 1946, na mvua za Ugogo zilikuwa za kubahatisha kabla ya hapo. Njaa ya Mtunya ya 1918 hadi 1920 ilikuwa bado hai katika kumbukumbu za watu wazima wa eneo hilo. Kilichokuwa kipya ni mwendo. Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, na mpango ukajengwa juu ya tarehe ambayo karanga zilihitajika huko. Muda ambao shamba lingehitaji kueleweka haukuwa na nafasi katika hesabu hiyo. Ekari 3,210,000 ziligawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, 80 kati ya hayo yakiwa Tanganyika, bila shamba la majaribio la ukubwa huo kutangulia popote. Kwa hiyo tunadai kwamba tatizo la msingi la Kongwa halikuwa kutojua peke yake. Ratiba haikuacha mahali pa kujifunza.

Dai hili, kama linasimama, linabadilisha namna ya kuusoma mpango wenyewe. Orodha ya sababu zilizopangwa sambamba, ambayo wanafunzi wengi wa historia huikariri, inaficha kwamba sababu hizo zilizaana. Matrekta yaliyokwishatumika yalinunuliwa kwa sababu mapya yasingepatikana kwa wakati. Mitambo iliharibika haraka kwa sababu ilipelekwa kung'oa vichaka na mibuyu kabla karakana na mafundi hawajawa tayari. Bandari ya Dar es Salaam na reli ya njia moja zilizidiwa kwa sababu shehena ilitangulia matayarisho ya kuipokea. Mvua ilipokosekana, hapakuwa na msimu wa akiba. Mwalimu anayefundisha mada hii angefaidika kuanza na kalenda ya kazi, kisha aoneshe jinsi kila tatizo lilivyoingia kupitia tarehe fulani, badala ya kuanza na hali ya hewa.

Maana ya pili inahusu mahali maarifa yalipokuwa. Wagogo walikuwa wafugaji na wakulima wa uwele na mtama, mazao yanayostahimili ukame kuliko mengi. Uchaguzi huo wa mazao ulikuwa taarifa ya kilimo iliyo wazi kwa yeyote aliyetaka kuisoma. Katika nyaraka tulizozipitia, wenyeji wanaonekana kama vibarua, au kama watu waliokuwa wachache kiasi kwamba ardhi ilihesabiwa kuwa wazi. Hatukuwaona wakitajwa kama watu wa kuulizwa kwa nini ardhi hiyo ilikuwa na wakazi wachache. Swali hilo moja lilikuwa na jibu la maji na mvua ndani yake.

Ya tatu ni ya sera, na inaihusu nchi yetu ya leo. Kilimo cha mashamba makubwa kimerudi mezani mara kadhaa: Kilimo Kwanza mwaka 2009, ukanda wa kilimo wa kusini, SAGCOT, mwaka 2010, na karibuni mashamba ya pamoja ya vijana chini ya programu ya Jenga Kesho Iliyo Bora, BBT, ambayo imefika hadi mkoani Dodoma. Hatudai kwamba miradi hii ni Kongwa nyingine. Serikali iliyoianzisha si ya kikoloni, mbegu na umwagiliaji si vya 1947, na walengwa ni raia. Tunachodai ni kidogo zaidi, na nadhani kina uzito zaidi: Kongwa inatupa swali la kuuliza kila mradi mkubwa kabla haujaanza. Nani ana mamlaka ya kusema "simamisha kwa msimu mmoja", na akisema, bajeti inamruhusu? Mwaka 1948 usimamizi ulihama kutoka Kampuni ya Muungano wa Afrika kwenda Shirika la Chakula la Ng'ambo, lakini hesabu za mwanzo ziliendelea kuwabana waliopokea. Hasara iliyofutwa kwenye vitabu mwaka 1951, karibu pauni milioni 36.5, ilizidi makadirio ya awali ya takriban pauni milioni 25 kwa mradi mzima. Pengo hilo ni gharama ya kuchelewa kusimama.

Madai haya yana mipaka, na mingine ni mikubwa.

Kwanza, karibu kila tulichosoma kiliandikwa na upande mmoja: ripoti ya tume, waraka wa serikali ya Uingereza wa Februari 1947, mijadala ya bunge lao na taarifa za shirika. Hizi ni sauti za waliopanga, waliosimamia na waliokuwa wakijitetea. Tumesema kwamba wenyeji hawakuulizwa, lakini tunachoweza kuthibitisha ni kwamba kuulizwa kwao hakukuandikwa katika nyaraka hizo. Huenda maofisa wa wilaya walizungumza na wazee na mazungumzo hayo yakaishia kwenye mafaili ambayo hatukuyafungua. Hatukukusanya simulizi Kongwa, na watu waliokuwa vijana wa kufanya kazi mwaka 1947 sasa wamebaki wachache mno. Aya yetu kuhusu maarifa ya Wagogo isomwe kwa tahadhari hiyo: imejengwa juu ya kile walichopanda, si juu ya kile walichosema.

Pili, tumechunguza Kongwa peke yake. Urambo na Nachingwea, maeneo mengine ya mpango huo, zilikuwa na mvua na udongo tofauti, na kazi ilianza huko baadaye, wakati baadhi ya makosa ya Kongwa yalikuwa yameshaonekana. Hizo ndizo sehemu zinazoweza kulipima dai letu kwa haki. Ikiwa mwendo ulipungua Urambo na matokeo yakabaki mabaya vilevile, basi tumeipa ratiba uzito usio wake, na mtafiti atakayeonesha hivyo atakuwa amefanya kazi ambayo makala hii haikuweza.

Tatu, hatuwezi kuthibitisha kwamba shamba la majaribio lingeuokoa mpango. Tunajua halikuwepo. Inawezekana majaribio ya misimu miwili yangeangukia miaka ya mvua nzuri na kuwapa wapangaji ujasiri mkubwa zaidi. Kwa sababu hiyo tumesema ratiba ilizuia kujifunza. Hatusemi kwamba kujifunza kungeleta mafanikio.

Nne, takwimu za ekari zinahitaji uangalifu. Taarifa za wakati huo hazitenganishi vizuri ekari zilizofyekwa, zilizong'olewa visiki na zilizopandwa, na kila hatua ilikuwa na gharama yake. Ndiyo maana hatukukokotoa gharama kwa ekari, ingawa msomaji angeitarajia. Tungepata namba yenye sura ya uhakika na msingi wa tope.

Mwisho, kipimo chetu cha kushindwa ni karanga. Kwa kipimo hicho hakuna mjadala. Lakini mpango uliacha bandari ya Mtwara, inayofanya kazi hadi leo, reli ya kusini iliyofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ardhi ya Kongwa iliyogeuzwa ranchi ya ng'ombe. Uliacha pia maelfu ya watu waliojua mshahara, udereva na ufundi wa mitambo, na kazi ilianza katika mwaka uleule wa 1947 ambao mgomo wa makuli wa Dar es Salaam ulisambaa kuelekea bara. Mafunzo hayo ya kazi na siasa hatukuyagusa. Anayetaka kuandika historia ya Mpango wa Karanga kama historia ya wafanyakazi wa Tanganyika bado ana uwanja mpana, na tunaamini aanze na orodha za malipo za Kongwa kabla ya ripoti za London.

Hapo ndipo hitimisho linapokoma. Kuna mambo matatu nataka uyaamue.

Aya ya BBT ndiyo itakayosomwa zaidi, na ndiyo rahisi kunukuliwa vibaya. Nimeilinda kwa sentensi ya "hatudai", lakini wewe umekaa Dodoma na unawajua watu wa kilimo. Ukiona inawahukumu vijana ambao hawajapewa hata muda wa kuvuna, ipunguze, ila tafadhali usiliondoe swali la mamlaka ya kusimamisha. Nalisimamia hilo kwa moyo wote.

Aya ya tatu inayoeleza mipaka imetulazimisha kurudi nyuma. Katika ukurasa wa kumi na moja tuliandika kwamba majaribio "yangezuia" hasara. Nimebadilisha ikawa "yangeonesha mapema" ugumu wa udongo. Ikisiri nayo ina kitenzi kilekile cha zamani, nimekuachia wewe kwa kuwa uliiandika kwa hesabu ya maneno.

Halafu suala la simulizi. Mhariri anataka makala mwisho wa mwezi, kwa hiyo safari ya Kongwa haiwezekani kwa toleo hili. Lakini kama yule mzee wa Mlali uliyenitajia bado anapatikana, mpigie simu kabla hatujatuma. Si kwa ajili ya kunukuu, maana mazungumzo ya simu moja hayatoshi. Nataka tujue tu kama kuna jambo tumeliandika ambalo mtu wa pale angelikataa papo hapo. Akilikataa, tutalitoa.

Nasubiri maoni yako hadi Alhamisi.

Wako,
Baraka