Nyenzo: Somo la Rula, Penseli na Sarafu

Darasa la Sita, Sayansi na Teknolojia. Vipindi viwili vya dakika 40.

Watoto, kaeni katika makundi yenu manane. Kila kundi lina rula moja ya sentimita 30, penseli mbili na sarafu kumi za shilingi 200. Sarafu nimezikopa kwa mwenye duka hapo njiani, zote 80, na nimemwahidi zitarudi kabla ya saa nane. Zinahesabiwa zikitolewa, zinahesabiwa zikirudi.

Chagueni penseli yenye pembe sita. Ya mviringo inabiringika, nayo tutaitumia mwishoni.

Kabla ya kugusa chochote, mmoja wa kila kundi aende mlangoni. Usukume mlango kwa kidole kimoja karibu na kitasa, halafu usukume tena kwa kidole hicho hicho karibu na bawaba. Mlango ni ule ule, na kidole ni kile kile. Kilichobadilika ni umbali tu, na somo la leo lote ni juu ya umbali huo.

Kusimamisha rula

Lazeni penseli mezani, kisha wekeni rula juu yake ikiwa imekingama. Isogezeni taratibu mpaka ncha zote mbili ziwe hewani. Wengi mtaona inatulia karibu na alama ya 15. Ikitulia kwenye 14.8 msiilazimishe, kwa sababu rula nyingi zina kipande cha ziada kabla ya sifuri. Andikeni alama mliyoipata, maana vipimo vyote vinaanzia hapo.

Penseli sasa tunaiita egemeo. Kitu tunachotaka kukiinua ni mzigo. Nguvu tunayotia ili kukiinua ni jitihada. Kutoka egemeo hadi mzigo ni mkono wa mzigo, na kutoka egemeo hadi jitihada ni mkono wa jitihada. Rula yenyewe, ikishakaa juu ya egemeo, ni nyenzo.

Wekeni sarafu mbili, moja juu ya nyingine, upande wa kushoto, sentimita 4 kutoka egemeo. Umbali unapimwa hadi katikati ya sarafu, si ukingoni mwake. Huo ni mzigo. Upande wa kulia wekeni sarafu moja. Je, sarafu moja inaweza kushindana na mbili?

Kabla ya kujaribu, kila mtu aandike anachotarajia. Nawaombeni msiruke hatua hii. Aliyeandika kisha akakosea atakumbuka somo hili mwaka mzima. Aliyengoja kuona tu atalisahau kesho.

Sasa isogezeni sarafu ya kulia kidogo kidogo kuelekea nje.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja alinijia karibu kulia. “Mwalimu, yangu haina jibu. Kwenye 7.5 imetulia, kwenye 8 imetulia, kwenye 8.5 pia imetulia. Ipi ni sahihi?” Nilifurahi sana, kwa sababu alikuwa ameangalia kwa macho yake badala ya kuandika jibu alilodhani nalitaka. Itazameni penseli kutoka ubavuni. Uso wake wa juu ni bapa, una upana wa karibu milimita 4, na rula imeukalia huo uso wote. Kwa hiyo hakuna alama moja ya kutulia. Kuna eneo zima.

Tunafanya hivi. Sogezeni sarafu nje mpaka rula inainamia kulia, andikeni alama. Kisha irudisheni ndani mpaka rula inainamia kushoto, andikeni alama. Jumlisheni alama hizo mbili, gawanyeni kwa mbili. Nilipojaribu jana jioni nyumbani, sarafu mbili zikiwa kwenye sm 4, rula iliinamia kulia kwenye sm 9.1 na kushoto kwenye sm 6.9. Wastani ni sm 8.

Sarafu tatu kwenye sm 3: iliinama kulia kwenye 10.3, kushoto kwenye 7.7. Wastani ni sm 9.

Fanyeni na nyinyi, kisha mfanye sarafu nne kwenye sm 3. Vipimo vyenu havitafanana na vyangu hadi nukta ya mwisho, na asiwepo wa kufuta chake ili kifanane na cha jirani.

Tazameni namba. Mbili mara 4 ni 8, na moja mara 8 ni 8. Tatu mara 3 ni 9, na moja mara 9 ni 9. Hii ndiyo kanuni ya nyenzo:

mzigo × mkono wa mzigo = jitihada × mkono wa jitihada

Aliyeitolea uthibitisho wa kihesabu zamani ni Arkimedes, Mgiriki wa mji wa Sirakusa katika kisiwa cha Sisilia, aliyefariki mwaka 212 kabla ya Kristo. Ninyi mmeifikia kwa sarafu za dukani, na kanuni ni ile ile.

Kupima rula bila mizani

Jambo hili nalipenda kuliko mengine yote ya leo. Sogezeni rula ili penseli iwe chini ya alama ya sm 9. Upande mrefu unaanguka. Sasa wekeni sarafu mbili kwenye upande mfupi, mzitafutie mahali pa kusawazisha kwa njia ile ile ya wastani. Mimi nilipata zikiwa kwenye alama ya 1.5, yaani sm 7.5 kutoka egemeo.

Upande wa pili hamna sarafu hata moja. Basi ni nini kinachopambana na sarafu zetu? Ni uzito wa rula yenyewe, ambao tunauhesabu kana kwamba wote umekusanyika katikati, kwenye 15. Kutoka 9 hadi 15 ni sm 6.

Sarafu 2 × 7.5 = 15. Rula × 6 = 15. Rula = sarafu 2.5.

Rula yangu ina uzito wa sarafu mbili na nusu. Yenu je? Ya mbao na ya plastiki zitatofautiana, na hilo tutaliona tukibandika majibu ya makundi yote ubaoni.

Nyenzo inadai malipo yake

Mtaimbo mmeuona ukitumika kung'oa mawe shambani. Tuseme una urefu wa sm 150, na kijiwe cha egemeo kimewekwa sm 25 kutoka ncha iliyo chini ya mwamba. Mkono wa mzigo ni 25, mkono wa jitihada ni 125, yaani mara tano. Mwamba ukiigandamiza ncha kwa nguvu ya nyutoni 1200, karibu uzito wa kilo 120, mtu anahitaji kugandamiza kwa nyutoni 240 tu. Mzigo ukigawanywa kwa jitihada unapata manufaa ya kimakanika. Hapa ni 1200 ÷ 240 = 5.

Ni rahisi kufikiri tumepata nguvu ya bure. Hebu tupime.

Wekeni penseli chini ya alama ya 10, bila sarafu juu. Upande mrefu unagusa meza, mfupi uko juu. Pangeni sarafu moja juu ya nyingine chini ya ncha fupi mpaka zikaribie kuigusa. Hesabuni. Kisha ondoeni sarafu, gandamizeni ncha fupi mezani, mpange sarafu chini ya ncha ndefu. Mimi nilipata sarafu 5 upande mfupi na 10 upande mrefu.

Mkono mrefu ni 20, mfupi ni 10. Mrefu unasafiri mara mbili ya mfupi. Ukigandamiza upande mrefu unatumia nusu ya nguvu, lakini kidole chako kinatembea mara mbili. Na yule wa mtaimbo, akitaka mwamba upande sm 5, mikono yake lazima ishuke sm 25. Kazi ni nguvu mara umbali, na kazi haikupungua. Ndiyo maana fundi akipandisha gari kwa jeki anapiga mkono wa jeki mara nyingi, gari likipanda kidogo kidogo.

Madaraja matatu

Katika majaribio yetu yote egemeo lilikuwa katikati ya mzigo na jitihada. Hiyo ni nyenzo ya daraja la kwanza: mtaimbo, mkasi, koleo la kukatia waya, mkono wa pampu ya kisima.

Sasa wekeni ncha moja ya rula juu ya penseli, mwenzako ainue ncha nyingine kwa kidole, huku amefumba macho. Mpangie sarafu nne kwenye sm 5, kisha sm 15, kisha sm 25 kutoka kwenye penseli, bila kumwambia. Aseme ni wapi panamwia pazito. Mzigo ukiwa katikati ya egemeo na jitihada, ni daraja la pili, kama toroli na kifungua chupa. Mpakia toroli anayejua kazi yake anasukumia mawe mbele, karibu na gurudumu, na kidole chenu kimewaambia kwa nini.

Daraja la tatu, jitihada iko katikati. Gandamiza ncha ya rula kwa kidole cha kushoto, inua kwa kidole cha kulia kwenye sm 5, sarafu mbili zikiwa kwenye sm 25. Unaumia kidole kwa sarafu mbili tu! Hata tukiacha uzito wa rula, unatoa nguvu mara tano ya mzigo. Lakini ncha ya mbali inaruka mbali na upesi, na hicho ndicho anachokitaka mvuvi kwenye fimbo ya ndoana, au mama anayefagia uwanja kwa fagio refu. Mkono wako pia ni hivyo hivyo: kiwiko ni egemeo, msuli unavuta karibu na kiwiko, ndoo iko kiganjani.

Mashine rahisi nyingine

Mashine rahisi zote zipo sita: nyenzo, mteremko, kabari, skrubu, roda, na gurudumu na ekseli. Kwa vifaa hivi tutaonja chache. Rula iliyoegemezwa kwenye rundo la sarafu ni mteremko. Ukiilaza zaidi, sarafu inasukumika juu kwa nguvu ndogo lakini kwa njia ndefu. Ncha iliyochongwa ya penseli ukiisukuma chini ya ukingo wa rula, rula inapanda: hiyo ni kabari, kama ya kupasulia magogo.

Na sasa leteni penseli ya mviringo. Ilazeni mezani, rula juu yake, msukume rula mbele sm 10 bila kuteleza. Pimeni penseli imesogea kiasi gani. Imesogea 5 tu! Ndiyo maana wanaovuta jahazi pwani juu ya magogo hawana budi kuyaokota ya nyuma na kuyawahisha mbele, kwani chombo kinayaacha.

Kazi ya nyumbani

1. Sarafu 5 ziko sm 2.4 kutoka egemeo. Sarafu 1 iwekwe wapi ili rula isawazike? Hesabu kwanza, kisha jaribu.

2. Tafuta nyumbani nyenzo tatu ambazo hatukuzitaja leo. Chora kila moja, uoneshe egemeo, mzigo na jitihada, na useme ni daraja gani.

3. Kwa rula na penseli tu, tafuta kama sarafu ya shilingi 500 ni nzito kuliko ya shilingi 200, na kwa mara ngapi. Andika hatua zako zote, pamoja na zile zilizokuharibikia.

Viongozi wa makundi, leteni sarafu. Kumi, kumi.