Maelezo ya audiogramu ya Rehema, kwa mama yake

Mama Rehema, habari za Pangani? Natumaini mlifika salama. Jumanne tulizungumza mbiombio kwa sababu basi lilikuwa linakungoja, na najua uliondoka na karatasi yenye miviringo na misalaba ambayo haikukuambia chochote. Nakuandikia ili uisome tena ukiwa umetulia, na ikiwezekana baba yake na bibi yake wawepo. Iweke karatasi mezani mbele yako.

Ile ndiyo audiogramu, yaani grafu ya usikivu wa Rehema. Juu kabisa, kutoka kushoto kwenda kulia, utaona namba 250, 500, 1000, 2000, 4000 na 8000. Hizo ni hezi, yaani wembamba wa sauti. Upande wa 250 kuna sauti nene kama za ngoma na lori linalounguruma, na upande wa 8000 kuna nyembamba, za filimbi na nyenje wa usiku. Pembeni, kutoka juu kwenda chini, namba zinaanzia karibu na sifuri na kuteremka hadi 120. Hizo ni desibeli, ukubwa wa sauti. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea, kwa sababu tumezoea grafu ambayo kupanda ni kuongezeka. Hii imegeuzwa: juu ni sauti ndogo mno, chini ni kelele kubwa. Alama ikiwa chini zaidi, maana yake sauti ililazimika kuongezwa zaidi ndipo mtoto akaisikia.

Sifuri nayo si ukimya. Ni sauti ndogo ambayo kijana mwenye masikio mazima huanza kuisikia kwenye chumba kimya. Mnong'ono uko karibu na 30, na mazungumzo ya watu waliokaa pamoja huzunguka 50 hadi 60.

Unakumbuka Rehema alivyokuwa akitupa kifuniko cha soda kwenye kopo kila aliposikia "tii"? Nilikuwa natafuta kizingiti chake. Akisikia, naipunguza sauti kwa desibeli 10. Asiposikia, naiongeza kwa 5, na nachezacheza hivyo mpaka nipate kiwango kidogo kabisa anachokipata angalau mara moja katika kila mara mbili. Kila alama kwenye karatasi ni kizingiti kimoja cha sauti moja. Mtoto wa miaka sita anaweza kuchoka au kukisia, na tofauti ya 5 kati ya kipimo na kipimo isikutie wasiwasi. Rehema alijitahidi sana. Sikumwona akitupa vifuniko ovyo, kwa hiyo nayaamini majibu yake.

Sasa alama zenyewe. Sikio la kulia ni rangi nyekundu, na sauti ya kupitia spika za masikioni huchorwa kwa mviringo. La kushoto ni bluu, kwa alama ya X. Kule kwenye 4000 na 8000 za kushoto utaona mraba badala ya X. Maana yake ni kwamba nilipopima hapo niliweka mvumo kwenye sikio la kulia ili lisisaidie la kushoto kwa siri. Ndiyo ile "mvua" aliyolalamika kuwa inanyesha sikioni.

Kuna na alama za mabano: [ ni ya kulia na ] ni ya kushoto. Hizi zilitoka kwenye kile kidude nilichomkandamizia mfupa wa nyuma ya sikio. Kinatikisa fuvu moja kwa moja, hivyo sauti inaruka tundu la sikio, kiwambo na vile vifupa vitatu vidogo, na kufika sikio la ndani bila kupita mlangoni. Kwa kulinganisha njia hizi mbili, ya hewani na ya mfupani, ndipo tunajua tatizo limekaa wapi. Nisingekuwa na mabano hayo, ningejua tu kwamba hasikii vizuri, basi.

Tuanze na sikio la kulia. Miviringo yake: 40 kwenye 500, 35 kwenye 1000, 30 kwenye 2000, 25 kwenye 4000. Mabano yake, kwa mpangilio huo huo: 10, 5, 10, 10. Angalia jinsi mabano yalivyokaa juu na miviringo ikabaki chini. Kwa hiyo sikio la ndani ni zima kabisa, ila sauti inakwama njiani kabla ya kulifikia. Huu ni upungufu wa njia ya kupitisha sauti. Njia inaweza kuzibwa na nta, ikaharibika kwa kiwambo kilichotoboka, au ikajaa majimaji nyuma ya kiwambo. Kwa Rehema ni majimaji. Tundu lake lilikuwa safi, na kipimo kile cha kupuliza hewa kilitoa mstari uliolala badala ya kilima, ishara kwamba kiwambo hakichezi. Mafua yasiyokwisha na kukoroma ulikonieleza vinaendana na hilo, kwa maana mrija unaotoka sikioni kwenda kooni ukiziba, majimaji hayana pa kutokea.

Sikio la kushoto lina hadithi nyingine. X inaanza vizuri, 20 kwenye 500 na 25 kwenye 1000, halafu inateremka kama njia ya bondeni: 45 kwenye 2000, 60 kwenye 4000, 65 kwenye 8000. Mabano yake, kutoka 500 hadi 4000, ni 15, 25, 45, 55, yanateremka pamoja nayo, yamegandana. Njia ya kupitisha sauti iko wazi. Kilichopungua ni kile kiungo cha ndani kilichojikunja kama konokono, au neva inayopeleka habari ubongoni. Huu huitwa upungufu wa sikio la ndani, na kwa kawaida haurudi. Vijinywele vya mle ndani vikifa havioti tena.

Aina ya tatu, ya mchanganyiko, Rehema hana kwa sasa. Lakini majimaji yakiingia na kushoto ataipata: mabano yatabaki 55 pale kwenye 4000, na X itashuka hadi 75 au 80. Ndiyo maana kila mafua makali kwake ni jambo la kufuatiliwa.

Baba yake aliuliza kwa simu amepoteza asilimia ngapi. Desibeli si asilimia. Upungufu wa 40 hauna maana kwamba amebakiwa na 60 kwa mia. Tunachofanya ni kuchukua vizingiti vya 500, 1000, 2000 na 4000 na kupata wastani. Kulia wastani ni 32.5, kushoto 37.5. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, chini ya 20 ni usikivu wa kawaida, kuanzia 20 hadi kabla ya 35 ni upungufu mdogo, 35 hadi kabla ya 50 ni wa kati, kisha unaendelea kuwa mkubwa, na kuanzia 95 ni ukiziwi kamili. Kwa hiyo kulia ni mdogo na kushoto ni wa kati. Mimi sipendi sana neno "mdogo" kwa mtoto wa darasa la kwanza anayejifunza kusoma katikati ya kelele za wenzake. Na wastani huficha mambo: 37.5 ya kushoto imechanganya 20 nzuri na 60 mbaya.

Hiyo 60 ndiyo inayoeleza yale ya nyumbani. Irabu ni nene na zina nguvu, ziko upande wa kushoto wa grafu. S, f, th na sh ni nyembamba na hafifu, ziko kulia. Neno la Kiswahili likiishia irabu kama kawaida yake, Rehema hupata mdundo wake wote na kukosa konsonanti. Anajua umetaja kitu cha "-aa", ila ni taa, kaa au paa? Fisi au sisi? Akikutazama mdomo anabahatisha vizuri, ukimwita ukiwa jikoni anabahatisha vibaya. Bibi yake anasema sikio la kufa halisikii dawa. Mwambie kwa heshima zote kwamba mtoto si mkaidi. Anaisikia sauti, asichokipata ni neno.

Uliniuliza pia, kwa sauti ya chini, kama ni zile sindano za jentamaisini alizochomwa akiwa mchanga. Dawa hiyo kweli inaweza kuharibu sikio la ndani, na huanza na sauti nyembamba. Lakini huingia kwenye damu na kwa kawaida hugusa masikio yote mawili. Mabano ya kulia ya Rehema hayazidi desibeli 10 hata kwenye 4000, kwa hiyo grafu hii haielekei huko. Chanzo chenyewe audiogramu haikitaji. Inaonyesha mahali na kiasi tu. Usijilaumu kwa kumpeleka hospitali alipokuwa na homa.

Na yule jirani aliyekutisha na upasuaji wa kupandikiza kifaa cha kusikia ndani ya sikio, ambao Muhimbili walianza kuufanya mwaka 2017: huo ni kwa watoto ambao alama zao ziko chini kabisa ya karatasi na shimesikio, kile kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni, haliwafai. Rehema hayuko huko.

Yafanyike haya. Kulia tunasubiri, maana majimaji mengi hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu. Yasipokauka, daktari wa masikio, pua na koo ataangalia nyama za puani na kuamua kama kiwambo kinahitaji kuwekewa kimrija. Msimtie mafuta ya moto wala vijiti vya pamba. Kushoto nataka kumjaribishia shimesikio, nalo tutalipanga mkirudi. Shuleni mwombe mwalimu amkalishe mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili sikio la kulia limwelekee yeye na wenzake.

Ninachokihofia ni kimoja. Kulia kutapona, Rehema ataanza kuitika haraka, nyumba nzima itafurahi, na safari ya kurudi Tanga itaahirishwa. Sikio moja zuri linaficha kushoto vizuri mno, mpaka mtoto anafika darasa la tatu akiitwa mzembe. Hata akionekana mzima, mleteni.

Rudini baada ya wiki kumi na mbili, Jumanne au Alhamisi, asubuhi kabla hajachoka. Akiwa na homa au sikio linatoa usaha, msisubiri siku hiyo. Njoo na karatasi hii hii. Nitachora vipimo vipya juu yake kwa kalamu ya kijani, na wewe mwenyewe utaona mviringo upi umepanda.