Mikoba ya ukindu imekwisha, mzigo mpya Jumamosi, 14 Juni

Assalaam alaykum, na habari zenu wateja wangu.

Mikoba mikubwa yote imekwisha. Niliitoa 32 Jumanne asubuhi, na Alhamisi baada ya laasiri nilikuwa nimebakiwa na mmoja, ule nilioutia begani kwenda nao sokoni. Dada mmoja akauona pale pale Darajani, akaniomba nitoe vitu vyangu nimuuzie. Nikavitoa. Nilirudi nyumbani nimekumbatia mfuko wa khaki, na nyanya mbili zilishapasuka.

Kwa hiyo anayeniandikia "Da Mwanaidi, najua umeficha mmoja", wallahi sijaficha.

Mzigo mwingine natarajia kuufungua Jumamosi, 14 Juni, saa 3 asubuhi. Najua wengi mliutaka kabla ya Idd. Hautawahi, na bora niseme leo kuliko kuwapa "kesho kesho" mpaka siku ya sikukuu.

Kinachotuchelewesha ni masika. Ukindu ukishakatwa huchanwa, ukaanikwa juani mpaka uwe mweupe, ndipo unachemshwa na rangi na kuanikwa tena, halafu ndiyo unasukwa ukili. Mkoba mmoja mkubwa unakula kama pima 6 za ukili kabla hata haujaanza kushonwa. Sasa hivi kule Pemba jua linachungulia kidogo, wingu linarudi, na akinamama wangu wanne wanashinda wakianika na kuanua. Jana nilipompigia mkubwa wao alinijibu, "Mwanangu, leo nimeuingiza ndani mara tano, nikauanua tena na kanga yangu mwenyewe."

Ningeweza kuwabana wasuke hivyo hivyo. Mwaka jana niliwabana. Nilikuwa nimeshachukua pesa za watu, nikaona aibu kuchelewa. Mikoba ilitoka mizuri machoni, lakini baada ya wiki mbili mteja wangu wa Dodoma akanitumia picha: madoa meupe ya ukungu sehemu ya chini yote, na ndani unanuka kama ghala. Nikarudisha pesa za mikoba 9. Tangu siku hiyo ukindu mbichi sipokei, hata kama mteja ananililia.

Ndiyo maana pia sipokei malipo sasa hivi. Tafadhali usinitumie kitu. Niandikie WhatsApp jina lako, rangi unayotaka na mahali ulipo, basi. Orodha ina watu 23 mpaka asubuhi hii, na mzigo unaokuja ni mikoba 36. Waliomo kwenye orodha nitawatumia picha Ijumaa usiku, kila mtu mkoba wake halisi, achague na alipie mpaka Jumamosi saa 2. Usipojibu, mkoba unakwenda sokoni na mingine, tusilaumiane. Kila mtu mwisho miwili. Mwenye duka anayetaka kumi aniandikie pembeni, tupange wa Julai.

Bei haijapanda: mkubwa 35,000, wa kati 25,000. Dar nitaipakia kwenye boti Jumapili, mikoani itaendelea kwa basi, na nauli ni ya mnunuzi kama kawaida.

Mabadiliko ni mawili. Mishikio, mliilalamikia na mlikuwa na haki. Ukijaza viazi inakata bega. Safari hii imezungushiwa kitenge, nimejaribu na kilo 8 za mchele kutoka dukani mpaka nyumbani, bega salama. La pili, ndani kuna bitana ya kanga na kijifuko cha zipu cha simu na funguo. Rangi zitakuwa urujuani, nyeusi kwa nyeupe, na manjano. Ile ya kijani niliyoulizwa sana bado ninabishana nayo: tumechemsha mara mbili, mara zote inatoka kama mchicha uliolala. Ikikaa sawa mtaiona, isipokaa siiuzi.

Kila Ijumaa nitaweka picha ya kazi ilipofikia, kavu au mbichi, ili ujue mwenyewe kama tarehe inasimama. Mvua ikizidi nikasogeza siku, waliomo kwenye orodha watapata ujumbe wangu kabla ya mtu mwingine yeyote, na nafasi zao zinabaki zile zile.

Kwa sasa vilivyopo mkononi ni mapepeo 6 (4,000) na kawa 3 za kufunikia chakula (12,000), zote za ukindu wa kiangazi, kavu kabisa. Kawa zile za nyekundu zitamfaa anayetarajia wageni wa Idd; hizo zinaweza kuondoka leo hii kwa boti ya jioni ukiniandikia kabla ya saa 8 mchana.

Mwanaidi