Sura ya Pili: Mapitio ya Maandishi kuhusu Lugha ya Mama katika Gredi ya 1 hadi ya 3

2.1 Utangulizi

Utafiti huu unahusu kufundisha kwa Kikamba katika gredi tatu za mwanzo kwenye shule za umma za Kaunti ya Machakos. Maandishi yamepangwa kwa hoja, kwa kuwa watafiti waliofanya kazi mbalimbali hukutana kwenye maswali yale yale. Swali la kama lugha ya mama inafaa limeshajibiwa mara nyingi. Linalobaki na utata ni inafaa katika mazingira gani.

2.2 Kuhamisha ujuzi kutoka lugha moja hadi nyingine

Ripoti ya UNESCO ya 1953 ilipendekeza mtoto aanze masomo kwa lugha ya mama, ila hoja zake zilikuwa za kimsimamo zaidi kuliko za vipimo. Cummins (1979) ndiye aliyezipa msingi wa kinadharia: stadi za kusoma zilizojengwa katika lugha ya kwanza humsaidia mtoto katika lugha ya pili. Mradi wa Ife nchini Nigeria, ulioanza 1970, ulifundisha kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi huku Kiingereza kikiwa somo, na wanafunzi wake walifanya vizuri. Tatizo ni kwamba madarasa hayo yalipata pia mtaala na vitabu vipya, hivyo si rahisi kujua ni kipi kilichofanya kazi. Taylor na von Fintel (2016), kwa takwimu za Afrika Kusini, wanaikaribia zaidi sababu yenyewe: waliofundishwa kwa lugha ya nyumbani katika gredi tatu za kwanza walikifanya Kiingereza vizuri zaidi katika gredi ya 4 hadi ya 6.

2.3 Muda wa kutumia lugha ya mama

Huko Kamerun, watoto waliofundishwa kwa Kikom miaka mitatu ya kwanza waliwapita wenzao waziwazi, lakini walipohamia Kiingereza faida hiyo ilipungua kufikia mwaka wa tano (Laitin, Ramachandran na Walter, 2019). Heugh na wenzake (2007) waliona Ethiopia kwamba maeneo yaliyotumia lugha ya mama hadi darasa la nane ndiyo yaliyofanya vyema. Miaka mitatu ya Kenya, iliyopendekezwa na Ripoti ya Gachathi (1976), ni michache ukiipima kwa matokeo haya.

2.4 Walimu, vitabu na utekelezaji

Hapa ndipo maandishi yanapofundisha zaidi. Kaskazini mwa Uganda, Kerwin na Thornton (2021) walilinganisha sura mbili za mpango mmoja wa kusoma kwa Kilango. Ule uliogharimiwa kikamilifu uliinua alama za kusoma kwa 0.64 ya mkengeuko sanifu. Uliopunguzwa gharama haukuleta faida ya maana katika kusoma, na vipengele vingine vya uandishi vilishuka. Lugha ni ile ile. Kilichotofautiana ni vifaa na namna mwalimu alivyosaidiwa.

Kwa Kenya, jaribio la PRIMR, mpango wa kuboresha kusoma na hisabati katika shule za msingi, lililotumia Kikamba na Kibukusu linapaswa kusomwa kwa makini na kila anayetetea lugha za mama, nikiwamo. Watoto walisoma vizuri zaidi katika lugha zao (Piper, Zuilkowski na Ong'ele, 2016), lakini hawakupata faida ya ziada katika Kiingereza wala Kiswahili wakilinganishwa na wenzao waliokuwa kwenye PRIMR bila lugha ya mama, na katika hisabati walibaki nyuma kidogo (Piper na wenzake, 2018). Matokeo haya hayaivunji nadharia ya Cummins, ila yanaidai maelezo. Huenda sehemu ya jibu imo kwenye ubao. Kikamba kina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa ĩ na ũ. Mwalimu ambaye hakufunzwa kusoma na kuandika kwa Kikamba huziacha alama hizo, na mtoto hubaki akikisia neno.

2.5 Lugha ya eneo la shule

Sera hudhani kuwa eneo lina lugha moja. Mtaala wa umilisi umeweka somo la Lugha za Kiasili katika Gredi ya 1 hadi ya 3, lakini kwenye miji kama Mlolongo darasa moja huwa na Wakamba, Wakikuyu, Waluo na watoto ambao lugha ya nyumbani ni Kiswahili au Sheng. Tanzania inafundisha msingi kwa Kiswahili tangu 1967, na hutajwa kama mfano mwema, ingawa kwa mtoto wa Kisukuma au Kimaasai kijijini Kiswahili chenyewe kinaweza kuwa lugha ya pili.

2.6 Pengo la utafiti

PRIMR ilipima alama za wanafunzi kuliko ilivyofuatilia lugha inayotumika kipindi baada ya kipindi. Utafiti huu utarekodi vipindi vya hisabati na kusoma katika shule za vijijini Masinga na za mjini Mlolongo, kuona mwalimu anaiacha Kikamba wakati gani, na anapoiacha anahamia lugha gani.